Kaka amesahihisha barua yangu ya pongezi, sasa simo ndani yake

Jambo Mama,

Niko Kampemba, hapa Lubumbashi. Ninafanya kazi katika ofisi ya transiti inayopitisha mizigo Kasumbalesa. Juzi noti ya servisi imetufikia sisi wote kwa barua pepe, pamoja na wenzetu wa Dar es Salaam: yaya mmoja, mkubwa kwangu, tunayefanya naye kazi amekuwa mkuu wa kitengo cha forodha. Ofisini tunaandika Kifaransa, lakini yeye na mimi tunaandikiana Kiswahili siku zote. Nilitaka kujibu palepale chini ya noti, wote wasome. Niliandika hivi, neno la kwanza likiwa kwenye «Objet»:

«PONGEZI!!! Mpendwa Ya Mado, nimefuraiya sana kusikia kama ulipewa cheo mpya ya mkuu wa kitengo cha forodha. Hatimaye! Wengi tulikuwa tunajua kama kazi yako ni muzuri na unastaili. Nakumbuka ile usiku ya Kasumbalesa, makaratasi za magari tatu zilikuwa zinakatala, na wewe ulibakia pa simu mpaka saa sita juu dereva asilale na njaa pa mupaka. Ile siku nilijuwa utakuwa shefu. Utusahau sisi wadogo, apana! Mungu akupe kuraji. Tunangoja Simba baridi. Mudogo wako.»

Kaka yangu ni mwalimu. Aliona makosa mengi, akaniandikia hii mahali pake:

«Kwa heshima na taadhima, napenda kuchukua fursa hii adhimu kukupongeza kwa dhati kwa kupandishwa cheo. Nakutakia mafanikio mema katika kutekeleza majukumu yako mapya.»

Ya kaka haina kosa, lakini nikiisoma sijioni ndani. Ya kwangu naona aibu kuituma. Nitume ipi?

Mdogo wa Ya Mado (majina nimeyabadili)

(Barua hii tumeinyoosha kidogo. Rasimu ya pongezi tumeiacha jinsi ilivyotufikia.)

*

Mwanangu,

Tuma ya kwako. Isiende leo asubuhi jinsi ilivyo, lakini ni hiyo. Dakika 20 zinakutosha kuiweka sawa, kwa sababu karibu makosa yake yote yamekaa kwenye viungo: herufi moja hapa, kiambishi kimoja pale. Uzuri wake umekaa kwingine kabisa. Umekaa Kasumbalesa, kwenye simu, usiku. Kaka yako alipofuta makosa alifuta na Kasumbalesa, na ndiyo maana hujioni tena.

Soma tena ya kaka polepole. Hakuna neno lolote ndani yake linalojua kama anayeandikiwa ni Ya Mado. Unaweza kuipeleka kwa meneja wa benki au kwa katibu wa parokia bila kubadili hata nukta. Halafu lile «kwa heshima na taadhima» tunaliandika kwa mtu aliye juu sana yetu, mtu ambaye hatujawahi kula naye bukari. Yaya uliyemzoea akilipokea kutoka kwako, atasimama kwanza ajiulize kama mmegombana.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa sekretere miaka mingi, na wenzangu walinipa barua zao nizisafishe. Siku moja kijana mmoja wa depo aliniletea pongezi za msimamizi wake. Ndani yake kulikuwa na sentensi ndefu, mbovu, kuhusu jinsi yule msimamizi alivyomfundisha kufunga turubai wakati wa mvua. Niliona haina mguu wala kichwa, nikaikata, nikaweka «kwa uongozi wako thabiti». Yule msimamizi alipoipokea alikuja mezani kwangu akauliza ni nani aliyeandika. Alikuwa ameona kwamba si kijana wake. Tangu siku ile, barua ya mtu ikiletwa kwangu, kwanza natafuta turubai liko wapi, naliwekea alama, kisha ndipo nashika kalamu nyekundu.

Turubai lako tumeshaliona. Sasa tuje kwenye viungo.

Cha kwanza ni ile herufi «h». Umeandika «nimefuraiya», «unastaili», «apana». Si uvivu wako. Sisi wa huku midomo yetu inaipita «h» bila kuigusa, na sikio nalo halidai. Kwa hiyo shauri la kawaida la kusoma barua kwa sauti halitakusaidia hapa, maana utasoma vilevile ulivyoandika na utasikia sawa. Tumia njia nyingine: jiulize neno hilo umeliona wapi limechapwa. «Furaha» umeiona mara nyingi kanisani, katika Biblia na katika kitabu cha nyimbo, na «h» yake ipo. Ukiwa na «furaha» umeshapata «nimefurahi», na ile «-ya» ya mwisho inaanguka yenyewe. Vivyo hivyo «unastahili» na «hapana». Kuna na kosa la upande wa pili, la kuongeza sauti mahali isipohitajika: «nilijuwa». Midomo inaweka «w» kati ya «u» na «a», kalamu haiiweki. Andika «nilijua».

Cha pili ni upatanisho. Hapa ndipo msomaji wa Dar es Salaam anapokwama, na hata Ya Mado, ambaye sasa atakuwa anaandikiana na watu wa kule kila siku, atauona. Cheo ni cha jamii ya kiti: kiti kipya, cheo kipya. Basi «cheo kipya cha mkuu wa kitengo». Kazi ni «nzuri». Magari ni «matatu». Makaratasi ukiyaacha na «ma-» yadai «ya», na ukisema «karatasi» bila «ma-» zitadai «za». Mimi ningesema «karatasi za magari matatu», ni nyepesi zaidi. Na kwa kuwa magari ni matatu, madereva nao si mmoja: «madereva wasilale na njaa».

Angalia jozi hii kwa makini, maana inafundisha kuliko zote: «ile usiku» na «ile siku». Zinafanana machoni, lakini ya kwanza inabadilika na ya pili inabaki. Usiku hudai «u»: usiku huu, usiku ule, ule usiku wa Kasumbalesa. Siku hudai «i»: siku hii, ile siku. Na usikubali mtu akuambie kwamba kutanguliza «ile» mbele ya jina ni Kiswahili cha mtaani. Hata wasemaji wa pwani huitanguliza wanapotaka kuonyesha jambo ambalo wote wawili wanalikumbuka. Ndicho unachokifanya hapa. Unamwambia Ya Mado: unaikumbuka, ile yetu.

Kuna viunganishi viwili ambavyo tunavipenda hapa Lubumbashi na ambavyo katika maandishi vinaleta utata. «Kusikia kama ulipewa» kwetu maana yake iko wazi. Mbali na hapa, «kama» hapo hutia shaka, ni kana kwamba bado unauliza ikiwa alipewa au hakupewa. Weka «kwamba». Na «juu dereva asilale»: kwa maandishi, «juu» ni mahali, kama juu ya meza. Unachotaka kutaja ni kusudi la Ya Mado kubaki kwenye simu, na kusudi lina neno lake, «ili».

«Zinakatala» unabadili sauti moja tu, inakuwa «zinakataa». Nimeona wasahihishaji wakigeuza hii iwe «zinakataliwa na mfumo». Usikubali. Karatasi inayokataa ina uhai, na kila mtu aliyewahi kusubiri mpakani anaielewa. Tena haimtaji aliyekosea. Hili lina uzito wake: kumbukumbu unayoiandika kwa mtu aliyepanda haifai kumwonyesha mwingine wa ofisini akiwa mjinga. Yako haimwonyeshi yeyote. Iache.

«Saa sita» iongezee neno moja tu, «usiku». Ofisini kwenu nusu ya watu wanahesabu saa kwa Kifaransa, na kwa hao saa 6 ni alfajiri. Mtu asije akadhani Ya Mado alikesha hadi jua linachomoza, ingawa najua wewe ungekubali.

Sentensi ambayo ni hatari kweli katika viungo ni hii: «Utusahau sisi wadogo, apana!» Ukiisema kwa mdomo, sauti yako inaifanya iwe ombi. Ikishaandikwa, jicho linakutana kwanza na «utusahau», yaani amri, na lile «apana» linafika limechelewa. Ukanushaji wake ni «usitusahau». Usiigeuze mwisho wake ikawa «usitusahae». Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama kusahau, kufurahi na kustahili, havibadili irabu ya mwisho tunapokanusha. Ni vile vya Kibantu vinavyobadili: usilale, usisome. Ukiandika «usitusahau sisi wadogo zako» umehifadhi joto lote na hatari imeondoka.

Hayo ndiyo makosa. Sasa kuna maneno manne ambayo si makosa ya lugha, lakini yanafanya kazi ambayo hukuyatuma.

«Ulipewa cheo.» Kwanza, jambo ni la juzi na hali bado ipo, hivyo «ume-» inafaa kuliko «uli-». Lakini linalonihangaisha zaidi ni «kupewa». Anayepewa amekaa, mwingine ananyoosha mkono. «Umepandishwa cheo» ni sahihi, ni lugha ya noti ya servisi, na pale pia mwenye nguvu ni ofisi. «Umepanda cheo» inamwacha apande kwa miguu yake, na ndilo unalotaka kusema, kwa kuwa sentensi inayofuata inataja kazi yake.

«Hatimaye!» Najua ulivyoisema, kwa shangwe. Lakini neno hilo linabeba malalamiko tumboni: kwamba alicheleweshwa, na kwamba kuna aliyemchelewesha. Wewe ulitaka kuiweka chini ya noti iliyotoka kwa wakubwa, mbele ya watu wote. Wakubwa wangesoma lawama, na Ya Mado angelazimika kuibeba siku ya kwanza ya kazi yake mpya. Futa. Hata kama ni kweli, mtaambiana mkiwa wawili.

«Mungu akupe kuraji.» Dua iache, tena nakuomba usiifute, maana nimeona watu wakitoa Mungu kwenye barua ya ofisi na barua inabaki imepoa. Tatizo ni kuraji. Hapa kwetu tunamwambia mtu kuraji kwenye kilio, hospitalini, au akiwa na mzigo unaomlemea. Ikija baada ya pongezi inaonekana kama unamhurumia. Mwombee nguvu na hekima.

«Tunangoja Simba baridi.» Dar es Salaam, Simba ni timu ya mpira, na wangekaa wakijiuliza mnangoja mechi gani. Lakini hata kwa msomaji wa Lubumbashi ningeitoa kwenye maandishi. Pongezi inayomalizikia kwenye chupa imegeuka kuwa ankara, na yeye mshahara mpya bado hajaugusa. Sentensi hiyo si mbaya, ni ya mdomo. Mwambie kwenye mlango wa ofisi yake, mkicheka, naye atajibu anavyoweza.

Na «shefu»? Hapa nilifikiri sana. Dar es Salaam wanaolitumia neno hilo humaanisha mpishi wa hoteli, kwa hiyo mbele ya wote ungelazimika kuandika «mkuu». Ila mimi sitaki uandike mbele ya wote. Ukibonyeza «Répondre à tous» chini ya noti, maneno yako yanakuwa hotuba, na kila anayeyasoma anahesabu ni nani aliyejibu kwa mbwembwe na nani aliyenyamaza. Fungua barua mpya, weka anwani yake peke yake, wala usimweke mtu kwenye «Cc» au «Cci». Wakikuona umenyamaza chini ya noti, andika pale mstari mmoja tu, «Hongera sana kwa mkuu wetu mpya», inatosha. Barua yenyewe ni yake na yako, na kati yenu wawili «shefu» ni neno la kweli. Liache. Jua tu kwamba barua nzuri watu huwapelekea wengine, na ndiyo maana nimekutaka uondoe «hatimaye» hata kwenye barua ya siri.

Kwenye «Objet» umeandika neno moja kwa herufi kubwa na alama 3 za mshangao. Ya Mado juma hili atapokea nyingi zenye «PONGEZI» tupu, zote zinafanana katika orodha. Weka jina lake: «Hongera, Ya Mado». «Hongera» na «pongezi» zote ni sawa, lakini «hongera» ndiyo tunayomwambia mtu usoni, na «pongezi» ni jina la kitu kinachotolewa. Wewe unamwambia mtu usoni.

Hii hapa, basi, ikiwa imekaa:

Objet: Hongera, Ya Mado

Mpendwa Ya Mado,

Nimefurahi sana kusikia kwamba umepanda cheo na sasa ni mkuu wa kitengo cha forodha. Wengi tulikuwa tunajua kwamba kazi yako ni nzuri na unastahili.

Nakumbuka ule usiku wa Kasumbalesa. Karatasi za magari matatu zilikuwa zinakataa, na wewe ulibaki kwenye simu mpaka saa 6 usiku ili madereva wasilale na njaa mpakani. Ile siku nilijua utakuwa shefu.

Usitusahau sisi wadogo zako! Mungu akupe nguvu na hekima katika kazi hii mpya.

Mdogo wako,

Ilinganishe na rasimu yako. Mpangilio ni uleule: furaha, sifa, Kasumbalesa, ombi, dua. Alama ya mshangao moja nimekuachia, mahali ambapo kweli unapaza sauti. Sikuongeza sentensi hata moja, nimekata tu aya mahali ambapo pumzi inakatika. Nimetenga Kasumbalesa ikae peke yake ili jicho lifike pale lipumzike.

Kabla ya kutuma, fungua tena noti ya servisi usome cheo neno kwa neno. Kama noti inasema mkuu wa kitengo, sawa. Kama kuna «kaimu» au neno la Kifaransa linalosema anashika nafasi kwa muda, andika «kukaimu nafasi ya mkuu wa kitengo», maana kumpa mtu cheo ambacho bado hajathibitishiwa kunampa taabu ya kukusahihisha. Angalia na herufi za jina lake jinsi anavyozitumia yeye mwenyewe chini ya barua zake, hasa kama jina la kweli lina herufi mbili zinazofuatana au alama juu ya irabu. «H» iliyokosekana atakusamehe bila kuiona. Jina lake ataliona.

Ukiandikia kwenye simu, chunga kibodi iliyowekwa Kifaransa. Ina tabia ya kuyageuza maneno yetu wakati kidole kimeshapita, na wewe unadhani umeandika ulichokusudia. Zima usahihishaji wa kujiendesha kwa dakika hizo, au iandikie kwenye kompyuta ya ofisi. Kama mnatumia Gmail, ingia kwenye mipangilio utafute «Annuler l'envoi»: kawaida inakupa sekunde 5 za kuirudisha barua iliyokwenda, na unaweza kuiongeza hadi 30. Mimi nimeweka 30. Mara nyingi kosa linaonekana sekunde ileile ambayo kidole kimeacha kitufe.

Iende leo mchana au kesho asubuhi, wakati noti bado ni mpya. Na kaka umshukuru, kwa sababu makosa aliyoyaona yalikuwepo kweli. Mwonyeshe hii ya mwisho, umwombe atafute kosa lililobaki. Akilipata, rekebisha hilo tu, usimpe kalamu.